Siku 3 za Vyuma, Milo 21 ya Wiki: Ninayowaeleza Wanachama Wapya wa Jimu Kuhusu Lishe

Katika ukumbi wangu wa mazoezi hapa Temeke, mwanachama mpya hapewi ratiba ya vyuma kabla hajakaa nami pamoja na wenzake waliojiandikisha mwezi huo ili tuzungumze kuhusu chakula. Wapo wanaoshangaa, kwa sababu wamelipa ada ya mashine na mwalimu, na chakula wanakiona kuwa ni shauri la nyumbani kwao. Nimeyaandika hapa yale ninayowaeleza, kwa kuwa maswali yanayoulizwa katika kikao hicho ni yaleyale mwaka hadi mwaka, na majibu yake yanahitaji nafasi kubwa kuliko ile inayopatikana watu wakiwa wamesimama kando ya mizani.

Naanza na hesabu ya wiki. Mwanachama wa kawaida huja mara tatu kwa wiki na hufanya mazoezi kwa muda wa saa moja kila anapokuja. Katika wiki hiyohiyo hula milo 21, bila kuhesabu karanga za kwenye foleni, kashata za ofisini na soda ya jioni. Mazoezi na milo hiyo vinafanya kazi katika mwili mmoja, ila kazi zake si moja. Chakula, kwa kiasi chake, ndicho kinachoamua kwa sehemu kubwa iwapo uzito utapanda, utashuka au utabaki palepale. Mazoezi ya vyuma huuarifu mwili kwamba misuli inatumika na haifai kupotezwa. Halafu protini iliyomo katika chakula hutoa malighafi ya kuijenga misuli hiyo. Mtu anayefanya vizuri upande mmoja tu hupata nusu ya matokeo, na mara nyingi hata nusu hiyo haionekani kwa macho.

Jambo ambalo wageni hulikataa kwanza ni hili la uzito kuamuliwa zaidi na sahani. Hoja yao ni kwamba mtu akitoka jasho vya kutosha, mafuta lazima yayeyuke. Huwajibu kwa utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania. Mwaka 2012, Herman Pontzer na watafiti wenzake walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa matunda, mizizi na asali wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Wanaume wa Kihadzabe walitembea karibu kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6, mbali na kazi ya kuchimba mizizi na kupasua kuni. Watafiti waliwanywesha maji yenye atomi maalumu zinazoweza kufuatiliwa katika mkojo, njia ambayo huonyesha kwa usahihi mkubwa nishati ambayo mtu ametumia katika maisha yake ya kawaida kwa siku kadhaa. Ukubwa wa miili ulipozingatiwa katika hesabu, jumla ya nishati waliyotumia Wahadzabe kwa siku haikutofautiana na ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa kwenye viti.

Ufafanuzi ambao Pontzer ameutoa ni kwamba mwili hauongezi matumizi yake bila kikomo kila shughuli inapoongezeka. Mtu anapofanya kazi nyingi ya viungo kwa muda mrefu, mwili hubana matumizi katika shughuli nyingine za ndani, na jumla ya siku hupanda kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Wataalamu bado wanajadiliana kuhusu ukubwa wa mbano huo, na wala matokeo hayo hayamaanishi kwamba mazoezi hayana faida, kwani moyo, mifupa, sukari ya damu na usingizi vyote hunufaika nayo. Yanachomaanisha kwa mwanachama wangu ni kwamba asitegemee mashine ya kukimbilia ifute kile ambacho sahani imekiandika.

Hata tukiuacha utafiti huo kando, hesabu ya kawaida inatosha. Mtu wa kilo 88 anayenyanyua vyuma kwa saa moja, akipumzika kati ya seti na seti kama inavyotakiwa, hutumia takriban kalori 250 hadi 300 zaidi ya zile ambazo angetumia akiwa ameketi. Soda ya chupa ya mililita 350 ina takriban kalori 150, na chapati moja kubwa ya kukaanga hufika 300. Kwa hiyo saa nzima ya mazoezi inalingana na chapati moja, na chapati hiyo huliwa kwa dakika tano. Huwa sisemi haya ili watu waichukie chapati. Nasema ili waache tabia ya kujituza kwa chakula baada ya mazoezi, kwa sababu zawadi hiyo huwa kubwa kuliko kazi iliyofanywa.

Sasa nije kwenye misuli, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapopotea zaidi. Mtu anaponyanyua vyuma, misuli haikui wakati ule. Kinachotokea ni kwamba nyuzi za misuli hupata mkazo, na kwa muda wa saa 24 hadi 48 baadaye mwili huongeza kasi ya kutengeneza protini mpya za misuli. Kasi hiyo huongezeka zaidi pale protini inapokuwa imeliwa, na protini ikikosekana, mwili hubomoa misuli kwa kiwango kinachozidi kile unachojenga. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya mazoezi kwa bidii miezi mitatu, akaumwa mwili kila Jumanne, na bado mikono yake ikabaki vilevile. Kazi ya kuchochea ameifanya, lakini malighafi haikufika.

Kiasi kinachohitajika si siri. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo yaliweka kiwango cha gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku, na kiwango hicho kinalenga kulinda afya ya mtu wa kawaida. Kwa anayenyanyua vyuma, uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba faida ya kuongeza protini huendelea hadi takriban gramu 1.6 kwa kila kilo, na baada ya hapo kuongeza zaidi hakusaidii kitu kinachoonekana kwa watu wengi. Mtu mwenye kitambi kikubwa afanye hesabu hiyo kwa uzito anaoulenga, kwa sababu mafuta yaliyojaa tumboni hayahitaji kulishwa protini.

Mfano mmoja uliopigiwa hesabu hueleza haya vizuri kuliko maelezo marefu. Tumchukue mwanamume wa miaka 38, karani wa ofisini, mwenye kilo 88 na urefu wa sentimita 170, ambaye anataka kupunguza kitambi. Kuna kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi wa lishe kukadiria nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika tu. Kwa wanaume, uzito kwa kilo huzidishwa kwa 10, urefu kwa sentimita huzidishwa kwa 6.25, viwili hivyo hujumlishwa, kisha hutolewa umri uliozidishwa kwa 5, na mwishoni huongezwa 5. Kwa wanawake hatua ya mwisho ni kutoa 161 badala ya kuongeza 5. Karani wetu anapata takriban kalori 1,760. Ukiongeza kutembea kwake kidogo, kazi ya kukaa na siku zake tatu za mazoezi, matumizi yake yote ya siku yanakaribia 2,480.

Sasa tuangalie anachokula, na hapa nachukua siku ya kawaida kabisa ya mfanyakazi wa Dar es Salaam. Asubuhi anakunywa chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari, pamoja na chapati mbili, na hizo ni takriban kalori 660. Mchana anakula kwa mama lishe wali uliojaa sahani na maharage machache pembeni, takriban 800, kwa sababu wali ule umepikwa kwa mafuta na maharage yameungwa. Jioni akitoka mazoezini anakunywa soda, nayo ni 150. Usiku nyumbani anakula ugali wa nusu kilo, mchicha uliokaangwa na kipande kidogo cha nyama katika mchuzi, ambavyo kwa jumla ni kama 950. Jumla ya siku ni takriban 2,560. Anatumia 2,480 na anaingiza 2,560, kwa hiyo mizani haiwezi kushuka, hata kama mwalimu wake atamfokea kila siku.

Lakini tatizo lake kubwa zaidi limejificha kwenye protini. Chapati mbili zinampa kama gramu 13, mchana anapata 17, soda haina kitu, na usiku anapata takriban 30, nyingi zikiwa zimetoka kwenye ugali na kile kipande cha nyama. Jumla ni gramu 60. Mtu huyu hafikii hata kile kiwango cha kulinda afya tu, ambacho kwa kilo zake 88 ni gramu 73, ilhali kwa mazoezi anayofanya, akilenga uzito wa kilo 75, angehitaji takriban 120. Tumbo lake hushiba kila siku, na misuli yake inakaa na njaa.

Namna ya kuirekebisha siku hiyo haihitaji duka la vyakula vya wanamichezo. Asubuhi chapati mbili zinaondoka, na mahali pake panawekwa kiazi kitamu cha wastani, mayai mawili ya kuchemsha na glasi ya maziwa. Mchana wali unapunguzwa hadi nusu, maharage yanaongezwa hadi kikombe kizima, na kinaongezwa kipande cha samaki wa mchuzi chenye ukubwa wa kiganja bila vidole. Jioni soda inapisha maji na chungwa, na baada ya mazoezi anakunywa glasi ya mtindi usio na sukari. Usiku ugali unabaki, ila ni nusu ya ule wa zamani, mchicha unakaangwa kwa mafuta kidogo, na mboga kuu inakuwa dagaa wakavu, gramu 40 hivi, ambao ni konzi moja nzuri kabla ya kupikwa.

Jumla ya siku hiyo mpya ni takriban kalori 2,030, na protini imepanda kutoka gramu 60 hadi karibu 107. Hajafika 120, lakini amekaribia kiasi cha kuleta tofauti kubwa, na siku atakayoongeza konzi ya pili ya dagaa atakuwa amefika. Pengo kati ya anachotumia na anachokula ni kalori 450 kwa siku, yaani 3,150 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo anaweza kutarajia kupoteza karibu gramu 400 za mafuta kwa wiki. Watu hukunja uso wanaposikia tarakimu hiyo, kwa sababu mitandaoni wameahidiwa kilo tano kwa wiki. Mimi huwaeleza kwamba gramu 400 kwa wiki zikiendelea kwa miezi mitano ni zaidi ya kilo 8 za mafuta, na kwamba wakati huo misuli itakuwa bado ipo.

Hilo la misuli kuwa bado ipo ndilo linalojibu swali jingine la kila kikao, ambalo ni kwa nini mtu asile mlo mmoja tu kwa siku akamaliza kazi haraka. Mwili unaponyimwa nishati hauchagui mafuta peke yake, bali huchukua na misuli pia, hasa protini inapokuwa ndogo na vyuma havinyanyuliwi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walichapisha jaribio la vijana 40 wa kiume wenye uzito uliozidi. Kwa wiki nne vijana hao walipunguziwa nishati kwa asilimia 40 na kufanyishwa mazoezi makali siku sita kwa wiki. Nusu yao walipewa gramu 1.2 za protini kwa kila kilo, na nusu nyingine gramu 2.4. Kundi la kwanza lilipoteza kilo 3.5 za mafuta na misuli yao ikabaki karibu vilevile. Kundi la pili lilipoteza kilo 4.8 za mafuta na likaongeza kilo 1.2 za tishu zisizo mafuta. Mazoezi yalikuwa yaleyale, kalori zilikuwa zilezile, na tofauti ilitokana na protini iliyokuwa kwenye chakula. Jaribio lile lilikuwa la muda mfupi na chini ya usimamizi wa karibu, kwa hiyo simshauri mtu ajipunguzie asilimia 40 nyumbani kwake. Hata hivyo, linaonyesha wazi kwamba saa moja ya vyuma huzaa matunda tofauti kulingana na sahani inayoifuata.

Baada ya hapo huja suala la ugali, na hili hunigusa kwa namna ya pekee, kwa sababu watu wetu wamefundishwa kuuogopa. Mwanachama anaanza mazoezi Jumatatu, anaacha ugali, wali na viazi kabisa, na Jumatatu inayofuata mizani inaonyesha amepungua kilo mbili. Anafurahi na kuwatangazia wenzake. Kilichopungua kwa sehemu kubwa ni maji. Misuli na ini huhifadhi wanga katika umbo linaloitwa glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji, hivyo akiba hiyo ikiisha maji yake nayo hutoka. Wiki ya pili mizani inagoma. Wiki ya tatu chuma alichokuwa akikinyanyua mara kumi anakinyanyua mara sita, anaona kizunguzungu, na usiku wa Ijumaa anakula chipsi mayai mbili kwa mkupuo. Siku akirudia ugali, maji yanarudi, mizani inapanda kilo mbili, naye anaamini kwamba ugali ndio unaomnenepesha. Wanga ndio mafuta ya gari la seti nzito, na mtu anayenyanyua vyuma anauhitaji. Kinachomletea mtu kitambi ni ukubwa wa tonge pamoja na udogo wa mboga.

Tena ugali una mshirika wake wa asili. Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino iitwayo laisini, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe, na maharage yamejaliwa laisini nyingi. Maharage nayo yana uchache wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikiliwa pamoja katika siku moja, kimoja huziba pengo la kingine, na kwa sababu hiyo makande waliyokula bibi zetu ni chakula kizuri cha mnyanyua vyuma, ilimradi maharage yawe mengi kuliko tulivyozoea. Anayeulizia poda ya protini humwambia ukweli kwamba kijiko chake kimoja huwa na gramu 20 hadi 25, kiasi kinachopatikana pia kwenye ile konzi ya dagaa. Poda si sumu wala si dawa, na inamfaa mtu ambaye ratiba yake haimruhusu kula, lakini mtu asinunue kopo lake huku nyumbani maharage yakiwa kijiko kimoja pembeni ya mlima wa wali.

Mtu akifuata haya yote na mizani isisogee kwa wiki nne, kwa kawaida sababu ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni mafuta ya kupikia, kwa kuwa kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 na hakuna anayekiona kikishamezwa na mchicha. Namwomba mwanachama apike siku mbili huku akipima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Wengi hukuta wanatumia vijiko vitano au sita kwa sufuria ya watu wawili. Anayekula kwa mama lishe hawezi kupima, lakini anaweza kuomba mboga ya kuchemsha na mchuzi uwekwe kwenye bakuli la peke yake.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha vipimo vya watu kumi wanene walioamini kwamba wanakula kidogo na bado hawapungui. Walipopimwa kwa njia ileile ya maji yenye atomi maalumu, ilionekana kwamba walikuwa wakiripoti karibu nusu tu ya chakula walichokula, na mazoezi waliyodai kufanya yalizidi yale halisi kwa karibu nusu. Miili yao ilikuwa inatumia nishati kama kawaida. Simulizi hiyo huitoa kwa upole, kwa sababu watu wale hawakuwa waongo. Mkono ukipita kwenye sahani ya mtoto, ukadokoa karanga za jirani na kuonja mchuzi mara nne jikoni, akili haihesabu vitu hivyo kuwa chakula. Ndiyo maana namwomba kila mwanachama aandike kwenye daftari kila kinachoingia mdomoni kwa siku tatu, mojawapo ikiwa ya mwisho wa wiki, na aandike wakati uleule anapokula. Akisubiri hadi usiku, tayari nusu imeshasahaulika.

Katika kufuatilia maendeleo, mizani peke yake haitoshi. Mtu apimwe mara tatu kwa wiki, asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya kula, kisha achukue wastani, kwa kuwa uzito wa siku moja hupanda na kushuka hata kilo moja na nusu kutokana na chumvi, maji na, kwa wanawake, siku za mwezi. Kando ya mizani atumie futi ya fundi cherehani kupima kiuno usawa wa kitovu kila baada ya wiki mbili, na aandike uzito wa vyuma anavyonyanyua. Kiuno kikipungua na vyuma vikipanda au kubaki vilevile, anapoteza mafuta hata kama mizani imesimama. Uzito ukishuka haraka huku vyuma navyo vikishuka kila wiki, anapoteza misuli, na hapo humshauri aongeze chakula, hasa protini, kabla hajafikiria kuongeza mazoezi.

Nimezungumza sana kuhusu kitambi kwa kuwa ndicho kinachowaleta wengi, lakini kila mwezi hawakosekani vijana wembamba wanaotaka kuongezeka mwili. Huyu tatizo lake ni kinyume, na kosa lake la kawaida ni kuongeza siku za mazoezi pale anapoona haongezeki. Kijana wa kilo 58 anayeruka chai ya asubuhi na kula mlo wake wa kwanza saa nane mchana hawezi kujenga misuli kwa seti zaidi. Anahitaji ziada ya takriban kalori 300 kwa siku juu ya matumizi yake, na kwa kuwa tumbo lake hushiba haraka, ziada hiyo ni rahisi kuinywa kuliko kuitafuna. Uji wa mahindi au ulezi uliochanganywa na maziwa na karanga zilizosagwa vijiko viwili, akinywa bakuli moja kila siku pamoja na milo yake, huleta ziada hiyo na protini ya kutosha juu yake.

Wapo ambao siwapangii chakula hata wakiniomba. Mwenye ugonjwa wa figo hapaswi kuongeza protini kwa ushauri wa jimu, kwa sababu figo zilizoathirika zinaweza kuzidiwa. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari akipunguza wanga ghafla huku akifanya mazoezi anaweza kushukwa sukari hadi kuzimia, na dozi yake huenda ikahitaji kubadilishwa na daktari kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha hawapunguzi chakula kwa ajili ya kiuno. Wanawake wanaochoka kupita kiasi, wanaohema kwa seti nyepesi na wenye viganja vilivyopauka huwaomba wakapime wingi wa damu zahanati kabla ya kuwaza lishe ya misuli, na wakati huohuo waache kunywa chai pamoja na mlo, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani yasifyonzwe vizuri. Wainywe saa moja au zaidi baada ya kula.

Kikao kikiisha, kila mmoja huondoka na kazi ya daftari la siku tatu, na ratiba yake ya vyuma huipata siku anapolirudisha. Tunakaa pamoja mezani, tunazungushia kwa kalamu nyekundu kila mlo ambao haukuwa na yai, samaki, nyama, maziwa, dagaa au maharage ya kutosha, na tunaanza kurekebisha mmoja tu kati ya hiyo, ambao mara nyingi huwa ni ule wa asubuhi. Mlo huo ukishazoeleka kwa wiki mbili, tunahamia kwenye unaofuata.